Mstari Unapopinda Penye Mshono: Kusoma Picha ya Ukurasa wa Leja

Wafanyabiashara wengi wanaouza bidhaa kwa malipo ya awamu huandika malipo hayo katika leja nene iliyoshonwa. Mteja anapouliza salio lake hutumiwa picha ya ukurasa kwa njia ya simu, naye huisoma kama anavyosoma karatasi iliyo bapa. Hapo ndipo mgogoro unapoweza kuzuka pasipo mtu yeyote kudanganya, kwa kuwa ukurasa wa kitabu kinene hauwi bapa unapokaribia mshono. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuufuata mstari mpaka mwisho wake, bila kuuruka wala kuusoma mara mbili.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi. Ukurasa wa kushoto wa leja una mistari 31, na nafasi kati ya mstari na mstari ni milimita 8. Majina ya wateja yameandikwa penye pambizo la nje, na kiasi kilicholipwa kiko kwenye safu ya mwisho, karibu kabisa na mshono. Karatasi inapofika hapo imezama sentimita 2 chini ya sehemu nyingine ya ukurasa. Picha imepigwa kutoka juu, simu ikiwa imeshikwa usawa wa mstari wa 16 ulio katikati, umbali wa sentimita 30.

Kitu kilicho mbali zaidi na kamera huonekana kimevutwa kuelekea nukta iliyo chini ya kamera hiyo. Kwa hiyo, penye mshono, mistari ya juu ya ukurasa hupinda kwenda chini na mistari ya chini hupinda kwenda juu, ilhali ule wa 16 hubaki umenyooka. Kiasi cha kupinda hutegemea umbali wa mstari kutoka katikati. Mstari wa 1 uko sentimita 12 kutoka katikati. Zidisha 12 kwa kina cha 2, kisha ugawe kwa 32, yaani kimo cha kamera pamoja na kina hicho. Utapata sentimita 0.75. Huo ni upungufu wa nusu milimita tu kufikia nafasi ya mstari mzima.

Sasa mteja ambaye jina lake liko mstari wa 4 anaweka rula juu ya picha iliyochapwa, kuanzia jina lake hadi safu ya fedha. Mstari wake umeshuka milimita 6 penye mshono, kwa hiyo rula haigusi kiasi chake. Inagusa kilichoandikwa mstari wa 3, ambao nao umeshuka na sasa uko milimita moja na nusu tu juu ya rula. Yeye alilipa shilingi 85,000, jirani yake alilipa 35,000, na mteja anaondoka akiamini kwamba ameibiwa shilingi 50,000. Rula, chombo tunachokiamini kwa unyoofu wake, ndiyo iliyompotosha.

Kosa hili halilingani katika ukurasa wote, na ndiyo maana ni gumu kuligundua. Katika mfano wetu, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 8 rula huelekeza kwenye kiasi cha mstari wa juu yake. Kuanzia wa 9 hadi wa 23 huelekeza mahali sahihi. Kuanzia wa 24 hadi wa 30 huelekeza kwenye kiasi cha mstari wa chini yake. Mtu anayejaribu rula yake katikati ya ukurasa ataona kila kitu kinakubaliana, kisha ataitumia kwa imani juu na chini. Tena kiasi cha mstari wa 8 na cha mstari wa 24 havipati jina lolote. Dalili ya wazi zaidi iko kwenye mstari wa 1, ambapo rula huishia kwenye kichwa cha safu badala ya tarakimu. Ukiona hivyo, iache.

Njia tunayoipendekeza ni kuhesabu mistari katika ncha zote mbili. Chagua alama moja inayoonekana pande zote, kama mstari mzito ulio chini ya vichwa vya safu. Kuanzia hapo, andika namba pembeni mwa kila mstari penye pambizo la nje, ambako karatasi bado ni bapa. Kisha rudi kwenye alama ileile na uhesabu upya penye mshono, bila kutazama namba za kwanza. Hesabu mistari iliyochorwa, hata ile isiyo na maandishi, kwa maana mstari mtupu ukirukwa upande mmoja utaharibu yote yaliyo chini yake. Idadi zikilingana, oanisha namba na namba: jina la 4 na kiasi cha 4, hata kama kwa macho kimoja kiko chini ya kingine. Zisipolingana, usiendelee, tafuta kwanza mstari uliopotea.

Anayetaka kuthibitisha atandaze uzi juu ya picha iliyochapwa, aulaze juu ya mstari wenyewe na kuupinda pamoja nao. Kwenye simu, chora mstari huo kwa kidole kwa hatua fupi, picha ikiwa imekuzwa. Kujumlisha safu ya fedha hakuthibitishi jambo hili: jumla itakuwa sahihi hata kama kila kiasi kimehusishwa na jina la jirani.

Kwa kitabu cha maelezo ya kawaida, kama kile cha dhamana ya jokofu, kuhesabu kuna tofauti ndogo. Mstari wa mwisho wa aya mara nyingi ni mfupi, na katika ukurasa wa kushoto haufiki penye mshono. Hesabu ya upande huo itapungua kwa idadi ya mistari hiyo. Katika ukurasa wa kulia, shida iko mwanzoni mwa mstari, jicho linaporudi kutoka mbali kutafuta mstari unaofuata ndani ya bonde la mshono. Hapo namba ziandikwe pambizo la kulia kwanza.

Kuna picha ambazo hazisomeki kwa njia yoyote. Karibu na mshono herufi hubanwa upana mpaka 1 na 7 kufanana, na tarakimu ya mwisho inaweza kumezwa kabisa na mkunjo. Kukuza picha hakurudishi kisichopigwa. Programu za simu zinazonyoosha ukurasa kwa pembe zake nne nazo huondoa mwinamo wa karatasi bapa, si mpindo wa karatasi iliyozama.

Katika hali hiyo mlaji aombe picha nyingine, na aeleze namna anavyoitaka. Kitabu kikandamizwe penye mshono kadiri kinavyoweza kustahimili, kila ukurasa upigwe peke yake, na simu iinuliwe hadi sentimita 80 kisha picha ikuzwe. Kwa kimo hicho mstari wa 1 wa leja yetu ungeshuka chini ya milimita 3, na rula isingefika kwa jirani. Mpiga picha asiiname kutoka upande wa chini wa kitabu, kwa sababu hapo mistari yote huanguka kuelekea kwake, ile ya juu zaidi ya mingine. Aombe pia picha ya pili ya safu ya fedha pekee, iliyopigwa kutoka juu ya mshono, na ailinganishe na stakabadhi alizonazo kabla ya kuwasilisha lalamiko.