Makosa ya Robo ya Mwisho

Binti mmoja wa kidato cha nne aliniletea insha yake ya methali akiwa amekata tamaa na sarufi. Alikuwa amepata alama 9 kati ya 20, na chini ya alama hizo mwalimu wake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba sarufi ilikuwa dhaifu. Nilimwomba ahesabu mistari ya insha, aigawe mafungu manne yaliyo sawa, kisha ahesabu makosa yaliyotiwa alama katika kila fungu. Robo ya kwanza ilikuwa na makosa 2, ya pili 3, ya tatu 4. Robo ya mwisho ilikuwa na makosa 11.

Mtu asiyejua sarufi hukosea tangu mwanzo hadi mwisho. Huyu alikuwa anaijua, na aliendelea kuijua hadi dakika zilipomwishia. Alichokuwa nacho ni tatizo la saa lililojitokeza kama tatizo la sarufi. Tangu siku hiyo, mwanafunzi yeyote anayetaka kujifua kwa ajili ya mtihani wa insha mimi humwanzishia hapo: kabla hujatafuta ni kosa gani, tazama limekaa wapi.

Mtihani wenyewe ni karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, ile ya nambari 102/1. Mtahiniwa hupewa saa moja na dakika 45 aandike insha mbili. Ya kwanza ni ya lazima, na mara nyingi huwa ya kiuamilifu, yaani barua rasmi, hotuba, kumbukumbu, ripoti na nyinginezo za aina hiyo. Ya pili huichagua mwenyewe kati ya tatu zilizobaki, ambazo aghalabu mojawapo ni ya methali na nyingine ni ya mdokezo. Kila insha haipaswi kupungua maneno 400, na kila moja ina alama 20. Mtahini huiweka insha kwanza katika kiwango: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Kwa hiyo binti yule alikuwa juu kidogo katika kiwango cha C. Alama mbili tu zilikuwa zinamtenganisha na B, nazo alikuwa amezimwaga katika mistari kumi na miwili ya mwisho.

Nilipomuuliza alivyogawa muda wake, alisema barua rasmi ilikuwa imemla zaidi ya saa nzima. Methali ikaambulia dakika 40 hivi, bila mpango na bila nafasi ya kukagua. Saa moja na dakika 45 ni dakika 105. Ukitoa dakika 5 za kusoma maswali na kuchagua, kila insha inabaki na dakika 50. Mimi huzigawa hivi: dakika 7 za kupanga, 35 za kuandika, 8 za kukagua. Wanafunzi wengi huzionea choyo zile 7 za kupanga, lakini ndizo zinazookoa nyingine zote, kama tutakavyoona.

Hatua inayofuata ni kujua mwendo wa mkono wako. Hesabu maneno katika mistari mitano ya mwandiko wako wa kawaida, kisha gawanya kwa tano. Binti yule aliandika wastani wa maneno 9 katika mstari mmoja. Maneno 400 kwake ni mistari 45. Hesabu hii ndogo hugeuza agizo la "maneno 400" kuwa kitu unachoweza kukiona kwenye karatasi bila kusimama kuhesabu maneno, na mwenye mwandiko mkubwa wa maneno 6 kwa mstari atajua mapema kwamba safari yake ni ya mistari 67.

Methali aliyokuwa ameandikia ni "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Kisa chake kilimhusu kijana aliyekanywa na bibi yake asiendeshe pikipiki ya mjomba kabla ya kufundishwa. Kisa kizuri, na kinaafiki methali. Lakini methali hii ina pande mbili: kuna kutosikia, na kuna kuvunjika. Nilimwonyesha kwamba alitumia mistari 31 kueleza jogoo alivyowika, jua lilivyochomoza na kijana alivyokunywa chai. Onyo la bibi lilitokea mstari wa 34. Ajali ilibanwa katika mistari mitano ya mwisho, na humo ndimo makosa yalimorundikana. Upande wa pili wa methali ulikuwa umenyimwa nafasi, na mtahini anayetazama kama pande zote mbili zimeshughulikiwa hawezi kuipandisha insha ya namna hiyo, hata kama kila sentensi ingekuwa safi.

Kwa hiyo muundo na muda ni jambo moja. Tulichora upya mpango wa insha ileile, safari hii kwa mistari: utangulizi 6, onyo la bibi 8, ukaidi wa kijana 10, ajali 14, matokeo yake 7. Jumla ni 45. Kisha tukaugeuza mpango kuwa saa. Kwa dakika 35 za kuandika, onyo linapaswa kuwa limekwisha dakika ya 11, ukaidi dakika ya 19, ajali dakika ya 30. Akifika dakika ya 11 na bado jogoo anawika, anajua hapo hapo kwamba lazima akate, wala hasubiri kugundua wakati msimamizi anatangaza dakika tano za mwisho.

Zoezi la wiki ni insha moja tu. Jumamosi asubuhi mwanafunzi anaandika kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari, saa ikiwa mbele yake. Kila baada ya dakika 10 anatia kistari kidogo kwenye pambizo bila kuacha kuandika. Dakika 50 zikiisha, kalamu inawekwa chini hata kama sentensi iko katikati. Hapa wengi huteleza: hujiongezea dakika kumi "ili insha ikamilike", na kwa kufanya hivyo hufuta ushahidi pekee waliokuwa wakiutafuta. Insha iliyokatika mstari wa 38 inakwambia jambo la kweli kuhusu mwendo wako, ila ile uliyoikamilisha kwa dakika za kuiba haikwambii lolote.

Jumapili karatasi inalala. Jumatatu inasomwa mara tatu kwa kalamu ya risasi, kila mara kwa jicho moja tu. Mara ya kwanza ni ya muundo: anasoma sentensi ya kwanza ya kila aya na kuilinganisha na mpango, anahesabu mistari ya kila sehemu, anauliza kama pande zote mbili za methali zimeonekana. Ikiwa wiki hiyo ni zamu ya barua rasmi, hapa ndipo anapokagua anwani zote mbili, tarehe, mtajo, kichwa cha barua, na sahihi pamoja na jina mwishoni, kwa sababu insha ya kiuamilifu iliyokosa sura hupunguziwa alama bila kujali utamu wa maudhui.

Mara ya pili ni ya sarufi, na hapa orodha lazima iwe fupi na iwe yako mwenyewe. Orodha za makosa ishirini zilizochapwa vitabuni hazitumiki chumbani mwa mtihani. Hakuna anayeweza kuzipitia kwa dakika 8. Binti yule tulimwekea makosa matatu, yote yaliyotoka katika karatasi yake. Aliandika "hakuweza simama" badala ya "hakuweza kusimama", kwa kuwa katika mazungumzo ya mtaani ile "ku" humezwa. Aliandika "bibi yake ambaye aliyemlea", akirudia kirejeshi mara mbili, na hali angepaswa kuchagua kimoja: "ambaye alimlea" au "aliyemlea". La tatu ndilo gumu zaidi kuliona: "magurudumu ya pikipiki ile ilizunguka." Anajua vyema kwamba magurudumu huchukua "ya-". Ila "pikipiki" ilikuwa karibu zaidi na kitenzi, ikakiteka, na kitenzi kikafuata ngeli yake. Mtu akiwa na haraka, nomino iliyo jirani hushinda nomino inayotawala sentensi.

Makosa haya hayatafutwi kwa kusoma tu. Anazungushia duara kila "-weza" na "-taka" na kutazama neno linalofuata. Anapigia mstari kila "amba-" na kutazama kama kitenzi chake kimebeba kirejeshi kingine. Kisha, kwa kila kitenzi kilicho mbali na mtendaji wake, anachora mshale kurudi kwenye nomino inayokitawala. Na kazi hii anaianza mwishoni mwa insha, robo ya nne kwanza, akirudi nyuma sentensi kwa sentensi. Ukisoma kisa chako kutoka juu, akili hukusomea ulichokusudia kuandika. Ukisoma kinyume, kisa kinavunjika na maneno yanabaki peke yake. Zaidi ya hayo, mtihanini dakika 8 zikikatika kabla hujamaliza, sehemu iliyobaki bila kukaguliwa ni ile ambayo uliiandika ukiwa umetulia.

Mara ya tatu ni vile vistari vya pambizoni. Anatazama dakika ya 20 ilimkuta mstari gani na ni sehemu ipi ya kisa iliyomchelewesha. Jumatano anaandika upya robo moja tu, ile iliyoumia, kwa dakika zilezile ilizostahili. Kosa likikaa wiki tatu bila kurudi, linafutwa kwenye orodha na lingine linachukua nafasi yake.

Njia hii ina mipaka yake. Makosa yakiwa yametapakaa sawasawa katika robo zote nne, basi tatizo ni sarufi kweli, na kuandika insha nzima kila wiki ni kuyazoeza makosa. Mwanafunzi wa namna hiyo afadhali aandike aya moja moja zinazosahihishwa kwa makini. Na robo ya kwanza ikiwa ya fahari, tamathali zimesongamana na hakuna kosa hata moja, kisha lugha ikaporomoka ghafla, mara nyingi utangulizi huo ulikaririwa. Mtahini mzoefu huuona mshono.

Wiki ya tano, methali nyingine, binti yule alipata makosa 2, 2, 3 na 4, mistari 46, na alama 12. Wiki ya sita tulijaribu karatasi nzima kwa dakika 105. Methali ilikaa sawa, lakini barua rasmi ilifika dakika ya 58. Vistari vyake vilionyesha kwamba anwani na kichwa cha barua pekee vilikuwa vimechukua dakika 9, kwa sababu alivipigia mistari kwa rula. Jumamosi iliyofuata aliandika barua peke yake, na rula ikabaki mkobani.