Mlango wa Sentimita Mbili

Faili nyingi za modeli za pande tatu hazisemi mita wala inchi. Hubeba namba tupu. Mlango wenye kimo cha mita 2.1 ukichongwa katika Blender, kona zake za juu huandikwa kuwa ziko kwenye 2.1. Blender huihesabu 1 kuwa mita moja, na injini ya michezo ya Unity hufanya vivyo hivyo. Unreal Engine huihesabu kuwa sentimita. Basi mlango huo ukihifadhiwa kwa muundo wa OBJ, ambao hautaji kipimo, Unreal huisoma 2.1 na kuweka mlango wa sentimita mbili na ushei, usioonekana kwa urahisi hata ukiwa mbele ya macho.

Ukubwa wa kosa ndio unaomtaja mkosaji. Modeli ikitofautiana na ilivyokusudiwa mara 100, mita na sentimita zimegongana; mara 1000, ni mita na milimita, jambo la kawaida kwa faili za STL, ambazo mashine za kuchapa vitu husoma kama milimita. Mara 2.54 ni inchi dhidi ya sentimita. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima, si kuvuta modeli kwa puku hadi ipendeze.

Wengi hukimbilia kubadili mita kuwa sentimita katika mipangilio ya `Length` ya Blender. Hapo hubadilika maandishi ya kioo tu. Namba zilizohifadhiwa hubaki zilezile.

FBX ni afadhali, kwa kuwa hutaja kipimo chake, lakini ina mtego wake. Kwa mpangilio wa awali, Blender huacha namba za mlango katika mita na kukipachika kitu chenyewe kizidishio cha 100. Katika Unity mlango huonekana sawa, ila kwenye `Transform` yake `Scale` husomeka 100. Kwa mlango uliosimama peke yake hilo halina madhara makubwa. Kwa mhusika mwenye mifupa ni balaa: upanga unaopachikwa mkononi mwake unaweza kurithi kizidishio hicho na kuwa mkubwa kama jengo. Dawa ni kubonyeza `Ctrl+A` na kuchagua `Scale` ili ukubwa uingie kwenye namba zenyewe, kisha wakati wa kutoa FBX kuweka `Apply Scalings` kuwa `FBX All`.

Kosa likiachwa, kuna dalili nyingine isiyohitaji rula. Injini huangusha vitu kwa mvutano wa takriban mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde. Mandhari yote ikiwa kubwa kupita kiasi, pipa linaloanguka huonekana likielea kama manyoya. Anayeliona hilo asiongeze mvutano. Apime kwanza modeli zake.