Maneno saba ya mikoko

Tuseme kitabu kimeandika hivi: "Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni, na mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na maji." Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza naye akaandika: "Tuitunze mikoko, kwani mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na maji." Mwishoni akaweka jina la mwandishi na mwaka. Je, ameiba?

Maswali ya namna hii ndiyo yanayoulizwa katika somo la mtandaoni la Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, lililoanza mwaka 2002. Unawekewa maandishi asilia na ya mwanafunzi, kisha unaamua: ni wizi wa neno kwa neno, ni wizi wa wazo lililogeuzwa maneno, au si wizi. Kipimo chao cha wizi wa kwanza ni maneno saba mfululizo yasiyofungwa kwa alama za kunukuu.

Hesabu tangu "mizizi" mpaka "maji". Ni saba kamili. Kwa kipimo hicho mwanafunzi wetu ameiba, ingawa amemtaja mwenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea: kumtaja mwandishi huonyesha wazo limetoka wapi, lakini ni alama za kunukuu zinazoonyesha kwamba hata maneno ni yake. Angeandika, "Mawimbi huishiwa nguvu kwenye mikoko, na ardhi iliyo nyuma yake haimomonyoki," akamtaja mwandishi, angekuwa salama. Asingemtaja, ungekuwa wizi wa aina ya pili.

Kwa Kiswahili, mimi naona saba ni nyingi mno. Neno letu moja, "hayajafika", Mwingereza hulisema kwa maneno manne au matano. Ukinakili matano tu kwetu, tayari umebeba sentensi nzima ya mtu. Isitoshe, vyuo vingi havina idadi maalumu. Mhadhiri huangalia kama umefuata muundo wa mwenzio huku ukibadilisha neno hapa na pale.

Wengi hufanya jaribio usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, ili wapate cheti cha kuambatisha. Wamechelewa, kwa sababu kosa huzaliwa kwenye daftari. Unanakili sentensi bila alama, na wiki mbili baadaye unaiona kama yako. Lifanye kabla hujafungua kitabu cha kwanza. Kila swali la mazoezi ulilokosa, andika sababu kwa maneno yako. Ukianza kusoma, kila ulichonakili kifunge kwa alama papo hapo, na ukurasa uandike pembeni. Unapogeuza maneno, funika kitabu, andika, kisha kifunue ulinganishe.

Jaribio halitakuambia kama idara yako inaruhusu kuandika na mwenzako, au kurudia kazi yako ya zamani. Hayo muulize mhadhiri kabla hujaanza kuandika.