Macho Mekundu Asubuhi: Mzio au Maambukizi?

Mapema mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu unaosababishwa na virusi ulipoenea Dar es Salaam, yeyote aliyeamka na jicho jekundu alitazamwa kama mtu wa kuepukwa. Lakini wapo ambao macho yao huwasha na kutoa machozi kila asubuhi, mlipuko uwepo usiwepo. Wengi wao hawana cha kumwambukiza mtu. Wana mzio, ambao mitaani tunauita aleji.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka minane anayeishi Tanga. Akiamka tu, anaanza kufikicha macho kabla hajashuka kitandani. Yote mawili ni mekundu, kope zimevimba kidogo, machozi yanamtiririka na chafya hazikatiki. Ikifika saa nne akiwa shuleni, ametulia. Wazazi wamekwisha kumnunulia matone ya antibiotiki zaidi ya mara moja. Mchana macho yanatulia, nao wanaamini dawa imefanya kazi, mpaka kesho yake asubuhi.

Kinachomsumbua kimo kitandani. Ndani ya mito na magodoro huishi utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho matupu, vinavyokula magamba ya ngozi yetu na kustawi kwenye joto na unyevunyevu kama wa pwani. Haviumi. Shida ni kinyesi chao, ambacho mtoto hukivuta na kukigusa usiku kucha uso ukiwa umelalia mto. Kwa mwenye mzio, seli za kinga zilizo kwenye utando laini unaofunika weupe wa jicho hukichukulia kuwa adui, zikamwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayotanua mishipa ya damu, kuleta machozi na, zaidi ya yote, muwasho. Kufikicha huzichochea seli hizo zimwage zaidi, ndiyo maana raha yake haidumu.

Muwasho huo ndio dalili ya kwanza ya kuuliza. Jicho lenye virusi huchoma na kukwaruza kana kwamba limeingia mchanga, lakini kuwasha kwake si kwa kumfanya mtu ashindwe kuuzuia mkono. Mara nyingi virusi huanza na jicho moja, la pili likafuata siku chache baadaye. Huenda mgonjwa ana mafua au koo linauma, na tezi ndogo iliyo mbele ya sikio ikibonyezwa inauma. Antibiotiki haziui virusi. Ugonjwa huisha wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki mbili au tatu. Unaambukizwa kwa mikono, taulo na mito, wala si kwa kumtazama mgonjwa machoni kama wengi wanavyoamini.

Bakteria hujulikana kwa usaha mzito wa njano au kijani, unaorudi mchana kutwa kila ukifutwa. Kope kugandana asubuhi peke yake si ushahidi, kwa kuwa hata virusi na mzio huacha tongotongo.

Turudi kwa mtoto wetu. Shuka na foronya zake zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60 hivi, na godoro lianikwe juani. Macho yakiwasha, kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kiwekwe juu ya kope zilizofumbwa. Isipotosha, yapo matone ya mzio kama olopatadini au ketotifeni, ambayo mtaalamu wa afya ataeleza kipimo chake.

Matone ya kuogopwa ni yale yenye steroidi, kwa mfano deksamethasoni, ambayo mara nyingi huchanganywa na antibiotiki katika chupa moja. Yanapendwa kwa sababu huondoa wekundu upesi, na familia hurudi dukani kuyanunua tena na tena. Yakitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, hata kwa mtoto mdogo. Jicho likiwa na kidonda cha virusi vya hepesi, hukizidisha. Kabla ya kulipa, soma jina la dawa kwenye boksi, na muuzaji akuambie wazi kama ina steroidi.

Kuna hali ambazo hazisubiri matone ya aina yoyote: maumivu makali ya jicho, mwanga kuumiza, kuona ukungu, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au jicho jekundu kwa anayevaa lenzi. Kichanga anayetoka usaha machoni katika mwezi wake wa kwanza naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu bakteria wa kisonono huweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya siku chache.