Mvumo Unaotoka Kwenye Waya Hasi

Mvumo wa spika isiyopigiwa muziki una idadi yake. Umeme wa ukutani Afrika Mashariki huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, na ukiingia kwenye spika hutoa sauti nzito iliyo laini, kama mtu anayeguna akiwa amefumba mdomo. Umeme huohuo ukishapita kwenye daiodi za kuunyoosha hutoa mapigo 100 kwa sekunde, na hayo husikika makali zaidi, kama nyigu aliyefungiwa koponi. Fundi mwenye sikio hutofautisha sauti hizo mbili kabla hajashika bisibisi, na tofauti hiyo humwonyesha pa kuanzia. Mara nyingi hakuna kifaa kilichoungua. Kila kipande ni kizima. Kosa liko kwenye mpangilio wa waya hasi, ule ambao mafundi huuita graundi.

Mchoro wa saketi huonyesha graundi kwa alama ndogo iliyochorwa hapa na pale, kana kwamba sehemu zote zenye alama hiyo ni mahali pamoja. Kwenye karatasi ni kweli. Ndani ya boksi, graundi ni waya wa shaba, na shaba ina ukinzani. Waya wenye unene wa milimita ya mraba 0.5 una ukinzani wa takriban miliomu 34 kwa mita, kwa hiyo kipande cha sentimita 10 kina miliomu 3.4 hivi. Mita ya kawaida ya fundi haiwezi kuuona ukinzani huo. Hulia "pii" na kusema waya ni mzima. Hata hivyo, mkondo wowote unaopita humo huacha volti kati ya ncha moja na nyingine, kiasi cha mkondo kuzidishwa kwa ukinzani. Vitu viwili vilivyofungwa kwenye ncha hizo haviko tena kwenye graundi moja, hata kama macho yanaona waya mmoja.

Amplifaya ndogo ya stereo iliyojengwa kwa chipu mbili za TDA2030, ambazo mafundi wengi wa redio wanazijua, inaonyesha jambo hili vizuri. Transfoma hushusha umeme, daiodi nne huunyoosha, kapasita kubwa huuhifadhi, na chipu huuchota kutoka humo. Kapasita hiyo hufanya kazi kama simtanki katika mtaa ambao maji hutoka kwa zamu. Nyumba inatumia maji polepole mchana kutwa, lakini tangi hujazwa kwa kishindo katika muda mfupi ambao bomba linatoa. Chipu zikiwa kimya huenda zinakula miliampea 100 tu kwa jumla, bila kukatika. Daiodi lakini hufunguka kwa chini ya milisekunde 2 katika kila milisekunde 10, na katika mwanya huo mfupi lazima zirudishe chote kilichotumika. Ndiyo maana mkondo wa kujaza hufika karibu ampea 1 kwenye kilele chake, mara 100 kila sekunde.

Tuseme fundi amelehemu graundi ya tundu la kuingizia muziki kwenye mguu hasi wa daiodi, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, na graundi ya chipu kwenye mguu hasi wa kapasita. Kati ya miguu hiyo kuna waya wa sentimita 10. Ampea 1 ikipita kwenye miliomu 3.4 huacha milivolti 3.4. Kwa chipu, milivolti hizo ni muziki kama muziki mwingine, kwa sababu zimesimama katikati ya graundi ya tundu na graundi yake yenyewe. Chipu inakuza takriban mara 30, hivyo spika inapokea karibu volti 0.1. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni kama wati moja ya elfu, kiasi ambacho kinatosha kabisa kusikika sebuleni usiku. Kuongeza kapasita kubwa zaidi, dawa inayojaribiwa kwanza karibu kila mahali, hakusaidii hapa. Kapasita kubwa hufanya mapigo yawe mafupi na marefu zaidi kwa kilele, na mvumo unaweza hata kuzidi.

Dawa ni kuzinyima safari hizi mbili njia ya pamoja. Waya hasi wa daiodi unakwenda kwenye mguu hasi wa kapasita na kuishia hapo, usiguse kingine chochote. Kutoka kwenye mguu huohuo unatoka waya mfupi mnene hadi kwenye skrubu moja, na skrubu hiyo ndiyo nyota. Kila anayehitaji graundi anafika hapo kwa waya wake mwenyewe: hasi ya spika, hasi ya nguvu ya chipu, na graundi ya tundu la muziki pamoja na ile ya rezista zinazopanga ukuzaji. Waya hizo zikichorwa, zinatawanyika kutoka sehemu moja kama miale, ndipo jina likapatikana. Mapigo ya kujaza yanazunguka kati ya daiodi na kapasita tu. Mkondo wa spika una waya wake, na waya wa tundu haubebi karibu chochote, kwa hiyo hauachi volti yoyote ya maana.

Makosa ya nyota huwa madogo kwa macho. La kwanza ni kuifunga skrubu katikati ya waya unaotoka daiodi kwenda kapasita. Hapo mapigo yanapita juu ya nyota yenyewe. La pili ni tundu la muziki lililofungwa kwenye bodi la bati bila washa ya plastiki. Bati likiwa limeunganishwa na nyota, tundu linakuwa na njia mbili za kwenda graundi, moja kwa waya na nyingine kwa bati, na njia mbili hufanya kitanzi.

Kitanzi ni ugonjwa ndugu wa njia ya pamoja, lakini sio uleule. Uga wa sumaku wa transfoma ukipenya ndani ya pete yoyote ya waya iliyofungwa, huzalisha mkondo ndani yake, kwa hezi 50. Pete ikiwa pana, inavuna zaidi. Hapa mapigo ya kujaza hayahusiki, na sauti yake huwa laini. Njia ya kuithibitisha ni rahisi: transfoma ikifunguliwa skrubu zake na kuzungushwa taratibu bila kugusa waya za umeme mkubwa, mvumo wa kitanzi hupanda na kushuka kadiri inavyogeuka. Mvumo wa njia ya pamoja haujali.

Pete kubwa kuliko zote hutokea nje ya boksi. Kwenye ukumbi wa ibada au wa sherehe, mikisa iko nyuma ya watu na amplifaya iko mbele, kila moja imechomekwa kwenye soketi yake. Kinga ya waya wa sauti inaunganisha maboksi hayo mawili, na waya wa ardhini wa jengo unayaunganisha tena kupitia ukuta. Soketi mbili za jengo moja zinaweza kutofautiana milivolti kadhaa kwenye pini ya ardhini, na tofauti hiyo inasukuma mkondo kwenye kinga. Nyota nzuri ndani ya amplifaya haiwezi kuuponya mvumo huu. Jaribio lake ni kuchomoa waya wa sauti na kuweka kwenye tundu plagi iliyoungwa ncha zake pamoja. Spika ikinyamaza, tatizo linatoka nje.

Hapo ndipo wengi huufungua plagi na kukata waya wa ardhini. Mvumo unakoma kweli, na kuanzia siku hiyo bodi la bati halina ulinzi. Insulesheni ya transfoma ikitoboka, anayeshika mikisa au maikrofoni yenye mwili wa chuma anashika umeme wa ukutani. Waya wa ardhini unabaki umefungwa kwenye bati, siku zote. Kinachovunjwa ni kitanzi upande wa sauti: vifaa vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja, au muziki upitishwe kwenye transfoma ndogo ya sauti, ambayo huvusha wimbi kwa usumaku bila kuunganisha graundi. Waya wa XLR wenye nyuzi mbili ndani ya kinga husaidia pia, kwa kuwa kifaa cha upande wa pili husoma tofauti kati ya nyuzi hizo na kupuuza kinachozipanda zote mbili kwa pamoja.

Kihisi hakivumi, kwa hiyo ugonjwa huohuo hujificha ndani ya namba. Mashine ya kutotolea vifaranga yenye kihisi joto cha LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa nyuzi 37.7 ni milivolti 377. Feni ndogo na kihisi viko ndani ya kasha, bodi ya kuongozea iko mita 2 kando, na ili kuokoa waya vyote viwili vimepewa hasi moja nyembamba ya milimita ya mraba 0.2. Ukinzani wake ni omu 0.17 hivi. Feni ikivuta miliampea 150, graundi ya kihisi inapanda milivolti 26, na bodi inasoma nyuzi 2.6 zaidi ya ukweli. Skrini inaonyesha 37.7 kwa utulivu kabisa, huku mayai yakiatamiwa kwenye 35.1 kwa siku 21.

Kosa hilo hujulikana kwa kuchomoa feni sekunde moja. Namba ikishuka nyuzi mbili na nusu papo hapo, si joto lililoshuka, kwani hewa haipoi kwa kufumba na kufumbua. Waya mnene ungepunguza kosa, lakini kulishusha hadi nyuzi 0.1 kungehitaji shaba nene mara 26. Kihisi kikipewa hasi yake hadi kwenye bodi inayosoma, na feni hasi yake hadi kwenye skrubu ya pawasaplai, waya uleule mwembamba unatosha: kihisi chenyewe hutumia maikroampea 60 tu, na kosa linalobaki ni takriban sehemu moja ya elfu ya nyuzi.

Nyota ina mpaka wake. Kwa hezi 50 au 100, ukinzani ndio unaotawala. Kwa hezi milioni moja, sentimita 10 za waya ulionyooka huzuia mkondo kwa takriban omu 0.6 kwa sababu ya usumaku wake, karibu mara 200 ya miliomu 3.4 za awali, na miale mirefu ya nyota hugeuka kuwa antena. Kwa sababu hiyo bodi za kompyuta na za redio huacha nyota na kutandaza shaba upande mzima wa bodi kuwa graundi, ili kila mkondo urudi chini ya njia uliyojia.