Maneno ya Ofa ya Mwisho wa Mwezi: Namna ya Kuyasoma Kabla ya Kulipa

Ikifika wiki ya mwisho ya mwezi, mbao za matangazo mbele ya maduka ya Nachingwea na Ruangwa huandikwa upya. Mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wengine wa umma huwa imeingia au iko njiani, na mwenye duka anajua kwamba kati ya Ijumaa na Jumapili familia nyingi zitanunua unga, sukari, mafuta na sabuni za mwezi mzima. Maneno yaleyale ya ubaoni hupigwa picha na kurushwa katika makundi ya WhatsApp ya mtaa, ambako mnunuzi huyasoma akiwa nyumbani na kuamua kabla hajaiona bidhaa yenyewe.

Kwa wakulima wa wilaya hizi, siku ya mshahara haifuati kalenda. Fedha yao huja baada ya minada ya ufuta na korosho inayosimamiwa kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Basi maneno ya tangazo hubadilika kulingana na msimu: yaliyosema “Mshahara umeingia” mwezi Machi yatasema “Korosho imelipa” mwishoni mwa mwaka. Jinsi ya kuyasoma haibadiliki.

Hakuna kosa kwa mwenye duka kuyapangia maneno yake wakati ambapo watu wana fedha. Biashara ndiyo hiyo. Linaloihusu Tume ya Ushindani (FCC) ni kama maneno hayo yanasema kweli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kumpa maelezo ya uongo kuhusu bei ya bidhaa, na duka dogo la mtaani halikuachwa nje ya katazo hilo.

Tuchukue tangazo la mfano. Duka na bei zake ni vya kubuni, lakini maneno ni ya aina ambayo msomaji amekwisha kuyaona:

“MSHAHARA UMEINGIA! Ofa ya wikiendi, Ijumaa hadi Jumapili. Kifurushi cha familia: sembe kilo 10, sukari kilo 5, dumu la mafuta, sabuni miche 2. Ilikuwa Sh 68,000, sasa Sh 59,900 tu! Zawadi kwa kila mteja. Wahi, bidhaa ni chache. Vigezo na masharti kuzingatiwa.”

Neno lenye nguvu kuliko yote hapo ni “ilikuwa”. Linamwambia mnunuzi kwamba ataokoa Sh 8,100, na mtu akisikia hivyo mara nyingi haulizi tena. Ni vema aulize. Je, kifurushi hiki kiliwahi kuuzwa Sh 68,000? Huenda hakikuwapo kabla ya Ijumaa. Njia ya kupata jibu ni kukivunja kifurushi na kupiga bei ya kila kitu kama kinavyouzwa peke yake katika duka lilelile. Tuseme sembe ni Sh 1,600 kwa kilo, sukari Sh 2,900 kwa kilo, mafuta Sh 5,000 kwa lita na sabuni Sh 3,000 kwa mche. Sembe itakuwa Sh 16,000, sukari Sh 14,500, mafuta ya lita 5 Sh 25,000 na sabuni Sh 6,000. Jumla ni Sh 61,500. Akiba imeshuka kutoka Sh 8,100 hadi Sh 1,600, na hiyo Sh 68,000 haionekani ilikotoka.

Sasa turudi kwenye dumu la mafuta. Sembe imetajwa kwa kilo, sukari kwa kilo, sabuni kwa idadi. Mafuta peke yake hayakupewa kipimo. Sisi tuliweka lita 5 kwa sababu macho yamezoea dumu la ukubwa huo. Mnunuzi akiligeuza akasoma lebo na kukuta lita 4.5, thamani ya mafuta inakuwa Sh 22,500 na jumla ya vitu vyote inashuka hadi Sh 59,000. Kifurushi cha ofa, basi, kinamgharimu Sh 900 zaidi ya kununua kitu kimoja kimoja. Mahali tangazo linaponyamazia kipimo ndipo pa kuangalia kwanza, na “dumu”, “ndoo” au “kiroba” si vipimo bali ni majina ya vyombo.

Kwa mafuta kuna jambo moja zaidi. Baadhi ya lebo huandika lita na nyingine kilo, na hivyo viwili si sawa, kwa kuwa mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji. Lita moja ina uzito wa takriban kilo 0.92. Dumu la kilo 5 kwa hiyo lina mafuta mengi kidogo kuliko dumu la lita 5, yapata lita 5.4. Anayelinganisha maduka mawili ahakikishe kwanza kwamba yote mawili yanazungumza kwa kipimo kimoja, kisha agawanye bei kwa lita au kwa kilo. Simu yoyote ina kikokotoo cha kufanyia hesabu hiyo.

Sukari na sembe zilizofungwa dukani zipimwe mbele ya mnunuzi. Mizani isome sifuri kabla ya mzigo kuwekwa, na iwe na stika ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo. Muuzaji mwaminifu hachukizwi na ombi hilo.

“Wahi, bidhaa ni chache” ni maneno ya haraka, nayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa: mwenye duka alileta mifuko ishirini na ikiisha imeisha. Tatizo huja pale bidhaa ya bei ya ofa ilipowekwa kama chambo. Mnunuzi anafika Ijumaa saa nne asubuhi, siku ya kwanza, na kuambiwa, “Mama, ile ya ofa imekwisha, ila ipo hii nyingine, nzuri zaidi.” Hiyo nyingine ni ghali. Sheria haimtaki muuzaji atangaze bei ambayo hana nia ya kuuzia, au atangaze bidhaa bila kuwa na kiasi kinacholingana na tangazo lake. Dalili ya chambo huonekana kwa urahisi. Bidhaa huisha mapema mno, hakuna jirani aliyeipata, na muuzaji ana mbadala tayari mdomoni. Zawadi nayo iko chini ya kanuni hiyohiyo. Ikiahidiwa kwa “kila mteja”, kila mteja aipate, na si wale kumi wa mwanzo.

Kuhusu “vigezo na masharti kuzingatiwa”, maneno hayo yamesikika redioni mpaka yakawa utani. Yakiandikwa ubaoni bila masharti yenyewe, mnunuzi ana haki ya kuuliza ni yapi kabla ya kutoa fedha. Katika maduka yetu, sharti lililofichika mara nyingi huwa moja kati ya mawili.

La kwanza linahusu namna ya kulipa. Bei ya ubaoni ni Sh 59,900, lakini anayelipa kwa simu anaambiwa aongeze “na ya kutolea”. Kama tangazo halikusema hivyo, bei iliyotangazwa ndiyo bei. Ni busara kuuliza mapema kama duka lina lipa namba, na kusoma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri.

La pili linahusu daftari. Familia nyingi hukopa dukani katikati ya mwezi na kulipa mshahara unapoingia, na huo ni msaada mkubwa ambao hatuna sababu ya kuubeza. Ila wikiendi ya ofa huleta mkanganyiko. Mteja mwenye deni la Sh 35,000 anatoa Sh 59,900 akidhani amenunua kifurushi. Mwenye duka anakata deni kwanza, kisha anasema ofa ni kwa wasiodaiwa, na kiasi kilichobaki kinahesabiwa kwa bei ya kawaida. Hapo kila mmoja anajiona ana haki. Dawa yake ni kutenganisha mambo hayo mawili: lipa deni, tazama mstari ukipigwa kwenye daftari, ndipo uanze ununuzi mpya na kudai risiti yake pekee.

Jambo ambalo tangazo haliwezi kulisema ni kama familia inahitaji kiasi hicho. Nyumba inayotumia kilo 3 za sukari kwa mwezi haipati nafuu ya kweli kwa kununua kilo 5. Kilo 2 zilizobaki ni Sh 5,800 iliyokaa kabatini wakati nauli ya mtoto wa shule inatafutwa. Sembe ikikaa muda mrefu katika joto la kusini huingia wadudu. Tena, bidhaa hupunguzwa bei wakati mwingine kwa kuwa tarehe ya mwisho wa matumizi imekaribia. Kupunguza bei kwa sababu hiyo ni halali maadamu tarehe haijapita, ila mnunuzi wa mahitaji ya mwezi mzima asome tarehe ya kila pakiti, si ya ile ya juu tu.

Tangazo lililoandikwa vizuri si refu kuliko lile la mwanzo. Lingeweza kusomeka hivi: “Ofa ya Ijumaa hadi Jumapili. Sembe kilo 10, sukari kilo 5, mafuta lita 4.5, sabuni miche 2: Sh 57,000. Ukinunua kimoja kimoja ni Sh 59,000. Vifurushi 40. Taslimu au lipa namba, bei ni moja.” Msomaji wake anaona kwamba anaokoa Sh 2,000, na anaweza kuamua akiwa nyumbani kwake kama zinatosha kumtoa Ruangwa mjini kwa bodaboda.

Anayeona amepotoshwa aanze kwa mwenye duka, kwa kuwa mengi humalizika hapo. Aende na picha ya tangazo aliyoipiga siku ileile, risiti yenye tarehe, iwe ya mashine ya EFD au ya mkono, na bidhaa yenyewe ikiwa na lebo yake. Wasipoelewana, afisa biashara wa halmashauri ya wilaya ndiye aliye karibu zaidi. Malalamiko ya mizani na ujazo hupelekwa kwa Wakala wa Vipimo, na ya maneno ya uongo au ya kupotosha huletwa kwa Tume ya Ushindani kwa maandishi, yakieleza tarehe, mahali duka lilipo, maneno ya tangazo kama yalivyoandikwa na kiasi kilicholipwa. Ubao hufutwa Jumatatu asubuhi, kwa hiyo picha ipigwe kabla ya kulipa.