Intavyuu ya Mauzo: Njoo na Daftari, Porojo Acha Kitaa

Oya mwanangu wa Mwamapalala, mchongo ukitokea Bariadi wa kuuza sola za kulipia kidogo kidogo, usiende kumwambia bosi eti "mimi najua kuongea na watu". Kila aliyekaa kwenye benchi pale nje atasema hivyo hivyo. Bosi anataka namba, na zako unazo tayari, hata kama hujawahi kuajiriwa.

Tuseme unapiga mishe ya viatu vya mtumba kwenye minada ya Itilima. Juni umeuza pea 84. Ukiitaja kavu hivyo, haimwambii kitu. Sema na Juni ya mwaka jana uliuza 60, yaani mauzo yamepanda asilimia 40. Kwa nini Juni na Juni? Kwa sababu huku pamba inaanza kununuliwa kuanzia Mei hivi, mkwanja unaingia kitaa na kila muuzaji anapanda. Ukilinganisha Juni na Februari, bosi anayeijua Simiyu atakusanua fasta: "Hiyo si ni pamba tu, wewe umefanya nini?"

Hapo ndipo unamwaga mzigo wenyewe. Mwaka huu ulichukua namba za simu za wateja na saizi zao, ukawapigia kabla ya mnada. Kati ya zile pea 24 za nyongeza, 20 zilikuwa oda za simu. Kila pea ulinunua buku tano, ukauza buku nane, faida buku tatu, kwa hiyo Juni ilikuachia 252,000 kabla ya nauli na ushuru. Daftari liwe mkononi, maana akitaka kuona ukurasa wa siku fulani, unafungua tu.

Halafu kuna namba moja ambayo kwenye sola inabeba kuliko zote: madeni. Mteja wa sola analipa kianzio, anaondoka na mtambo, salio analipa kwa simu, na asipolipa taa inajifunga. Kampuni inapata hasara kwa mteja aliyesaini kwa mbwembwe kisha akapotea. Kwa hiyo kama ulikopesha pea 20, watu 17 wakalipa siku mliyokubaliana, wawili wakachelewa na mmoja akala kona, sema yote. Asilimia 85 kwa wakati ni namba ya mtu mzima. Yule mmoja usimfiche, eleza kwa nini alikushinda na sasa unamchunguza vipi mtu kabla ya kumkopesha.

Sasa igizo. Bosi anageuka mkulima: "Haya, niuzie." Wana wengi wanazingua hapa, wanaanza kutaja wati na waranti kama redio. Tulia. "Mwangaluka baba, nyumbani mnatumia mwanga gani? Simu mnachaji wapi?" Anakujibu simu mbili, kila moja inachajiwa mara tatu kwa wiki kwa jero, na betri za tochi buku na jero kwa wiki. Piga hesabu mbele yake: chaji 3,000, betri 1,500, jumla 4,500 kwa wiki.

Kama mtambo ni 800 kwa siku, hiyo ni 5,600 kwa wiki. Usimdanganye kwamba ataokoa hela leo. Mwambie ukweli: "Baba, utaongeza 1,100 kwa wiki mpaka deni liishe, baada ya hapo mtambo ni wako." Bosi anasikiliza hapo hapo kama wewe ni muuzaji au tapeli.

Akikwambia "mimi nasubiri umeme wa REA", usiuponde umeme. Uliza nguzo zimefika wapi na nyumba yake iko umbali gani. Na akikubali haraka, shtuka, maana mara nyingi huo ndio mtego wenyewe. Muulize: "Pamba ikiisha, Desemba mpaka Aprili malipo yatatoka wapi?" Akisema anafuga kuku au ana genge, endelea. Asipokuwa na jibu, mshauri aanze na taa ndogo. Kisha omba biashara waziwazi: "Nije Jumatano na fundi afunge?" Ukishauliza, kausha. Mwache ajibu.

Baadaye bosi anaweza kukukosoa na kukwambia rudia. Usijitetee, rudia ukiwa umebadilisha kile kile alichokitaja, kwa sababu anapima kama unafundishika.

Na kabla hujasaini, uliza na wewe: kuna mshahara au kamisheni tupu, kamisheni inaingia lini, na mteja akiacha kulipa, mimi nakatwa? Majibu yake omba uyaone kwenye mkataba.